Mkato, Nukta na Bei ya Usipa

Mzee niliyefanya naye kazi Mbinga alikuwa karani wa ushirika tangu enzi za bei moja. Alinieleza mara nyingi, wakati mwingine mara mbili kwa siku, kwamba zamani bei ya kahawa ilitangazwa redioni mara moja kwa msimu, ikaandikwa kwa chaki kwenye ubao wa ghala, na haikufutwa mpaka mvua ya mwaka uliofuata ilipoifuta yenyewe. "Bei ilikuwa kama jina la mtu," alisema. "Ukishalijua, umelijua." Kisha soko huria likaja, wanunuzi binafsi wakapanda milima na mizani zao, na bei ikaanza kuwa na majina mengi kuliko wanunuzi wenyewe.

Mimi nilikuja baada ya yote hayo, wakati intaneti ya modemu ilipofika mjini petu ikiwa imechoka njiani. Nilikuwa na stashahada ya kompyuta, kompyuta mpakato yenye kibonye cha herufi M kilichong'oka, na mkataba wa mwaka mmoja na mradi mdogo uliotaka wakulima na wavuvi wapate bei za mazao kwa ujumbe wa simu. Ofisi ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la kutoa fotokopi. Mzee ndiye alikuwa mkuu wangu. Aliajiriwa kwa sababu kila mtu kuanzia Namswea hadi ziwani alimfahamu na kumwamini. Mimi niliajiriwa kwa sababu sikuwa na gharama kubwa.

Kazi ilikuwa hivi. Bei za mazao ziko kwenye kurasa za tovuti: kurasa kadhaa za masoko ya hapa nchini, mmoja wa mnada wa kahawa, mwingine wa masoko ya Msumbiji, kwa sababu watu wa Mbamba Bay na vijiji vya pwani wanauziana vitu na wenzao wa ng'ambo tangu hapo. Badala ya kukaa nikinakili kwa mkono, niliandika programu iliyofungua kurasa hizo kila asubuhi, ikatafuta mahali palipoandikwa bei, ikazinyofoa na kuziweka kwenye jedwali. Kutoka kwenye jedwali, bei zilikwenda kwenye simu za watu waliojiandikisha.

Shida ni kwamba ukurasa wa tovuti haukupi namba. Unakupa maandishi. Mtu ameandika "TSh 4,500/=", na kwa macho yako hiyo ni elfu nne na mia tano, lakini kwa kompyuta ni mstari wa herufi kama "habari za asubuhi". Huwezi kuujumlisha, huwezi kuulinganisha na wa jana. Lazima uuoshe kwanza mpaka ibaki 4500 tupu. Na kila ukurasa ulikuwa na uchafu wake. Mmoja uliandika "Tsh." yenye nukta, mwingine "TZS", mwingine ukaweka mstari na vijistari viwili mwishoni kama mtu aliyeogopa wezi wataongeza sifuri.

Nilianza na kurasa za hapa nchini tu, nikazisafisha zote kwa amri moja: futa kila kitu kisicho tarakimu. Herufi, alama, mikato, nafasi, zote nje. Nilijaribu kwa "TSh 4,500/=", nikapata 4500. Nikajaribu kwa "Tsh. 800/-", nikapata 800. Nilimwita Mzee aje aone.

Aliinama, akavaa miwani, akaangalia muda mrefu. "Umefuta mkato," alisema.

"Ndiyo, Mzee. Kompyuta haiuhitaji."

"Na nukta?"

"Na nukta pia. Inafuta kila kitu."

Alivua miwani akaifuta kwa shati. "Mimi nilifundishwa kwamba alama kwenye hesabu zina kazi," alisema, kisha akaenda kunywa chai. Nilimhurumia. Niliona ni mtu wa chaki.

Dalili ya kwanza ilikuja wiki ya tatu, nayo ilivaa kofia. Ilikuwa asubuhi, mwanamume wa makamo kutoka Tingi alisimama mlangoni na gunia tupu limekunjwa vizuri chini ya kwapa. Alimwamkia Mzee, Mzee akaitikia, wakaulizana habari za nyumbani, za mahindi na za barabara. Kisha akatoa simu mfukoni.

"Nimekuja kuchukua maharage," alisema. "Sijui yanatolewa hapa au sokoni."

Mzee akasoma ujumbe, akanipa simu. Ujumbe wetu ulisema: MAHARAGE SONGEA TSH 0 KWA KILO.

Siku hiyo soko la Songea halikuwa limetoa bei ya maharage, kwa hiyo mwenye ukurasa aliweka kistari, kama mtu anavyoweka kistari anapokosa la kuandika. Programu yangu ilifuta kistari kwa sababu si tarakimu, ikabaki na hewa, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeiambia kwamba hewa ni sifuri. Nilimweleza yule baba kwamba bei haikujulikana, na kwamba kutojulikana si bure. Alinisikiliza kwa adabu. "Mngeandika hivyo," alisema. "Mimi nimetoka Tingi." Alikunja tena gunia lake, akaenda kununua sabuni ili safari isipotee.

Nilirekebisha mchana uleule: penye kistari, ujumbe useme HAKUNA BEI. Nikaridhika. Niliamini nimemaliza makosa, na ndivyo huwa naamini kila nikipata kosa moja.

Baada ya wiki mbili, mwenye ukurasa mmoja wa masoko ya nchini aliamua kuupendezesha. Sijui nani alimshauri. Akaongeza senti. Senti ambazo hakuna mtu wa Mbinga aliyeziona mkononi kwa miaka mingi zilirudi zikiwa mbili mbili nyuma ya nukta: "TSh 4,500.00/=". Programu yangu ikaamka saa kumi na mbili asubuhi, ikafuta herufi, ikafuta mkato, ikafuta nukta, ikafuta mstari na vijistari, ikaziunganisha tarakimu zote zilizobaki, zile sifuri za senti zikiwemo. Kisha ikawatumia watu ujumbe: USIPA MKAVU MBINGA TSH 450000 KWA KILO.

Usipa ni vile visamaki vidogo vya ziwani. Kilo moja kwa laki nne na nusu.

Wakati huo nilikuwa nakula chapati kwenye kibanda cha mkabala. Simu ya kwanza ilitoka kwa mtu aliyecheka tu, akakata. Ya pili ilitoka kwa mtu aliyeuliza kama tunakubali usipa wa jana. Nilirudi ofisini mbio, nikaona jedwali. Mchele laki moja na nusu. Kuku mmoja milioni moja na laki mbili. Mzee alikuwa amekaa mbele ya kompyuta, mikono magotini, kama mtu aliyefika msibani mapema.

"Tuma ujumbe wa kusahihisha," alisema.

Nilituma. Lakini ziwani mtandao ulikuwa wa kubahatisha, na ujumbe wa uongo ulikuwa umefika kabla ya ule wa kweli. Hilo tulilijua kesho yake, kabla ya saa sita mchana, lilipokuja lori likashusha mbele ya duka la fotokopi magunia manne ya usipa mkavu na mama mmoja.

Huyo mama alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha kina mama wakaushaji samaki kijiji kimoja karibu na Mbamba Bay. Alikuwa mfupi, mpana, mwenye kitenge cha Umoja wa Akina Mama wa kanisa lao la Anglikana, na sauti ya mtu aliyezoea kuita mitumbwi iliyo mbali. Nilimwamkia kabla hajaketi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye unayetuma bei?"

"Ndiyo, mama."

Alinitazama kutoka juu mpaka chini, akageuka akamtazama Mzee, akanirudia. "Mimi nimeuza usipa miaka ishirini na mbili," alisema. "Sikuamini hiyo bei hata dakika moja. Nilikuja ili nimwone anayenunua usipa kilo kwa laki nne na nusu, nimwombee."

Mzee alikohoa ndani ya leso. Mimi sikuthubutu.

"Lakini wenzangu waliamini," aliendelea. "Jana wanunuzi walikuja kutoka Songea kama kawaida. Wakasema elfu nne. Wenzangu wakacheka. Mmoja alifunga mlango. Mwingine, naye ni mke wa katekista, aliwaambia waende wakajifunze kusoma. Wale wakapanda gari lao wakaenda kijiji cha pili. Jioni ndiyo ukaja ujumbe wako wa pili. Sasa usipa uko ndani, mawingu yako juu, na usipa ukipata unyevu unajua unakuwaje?"

Nilisema sijui.

"Utajua. Nimekuletea."

Magunia yaliingia ofisini kwa sababu mvua ilianza kunyesha na hapakuwa na mahali pengine. Chumba kilikuwa cha hatua tano kwa nne. Baada ya nusu saa mwenye duka la fotokopi alikuja kuuliza kwa upole kama kuna kitu kimekufa. Baada ya saa moja wateja wake walikuwa wanatoa kopi za vyeti vya ubatizo wakiwa wameziba pua.

Mama alitaka mambo mawili. La kwanza, nimwonyeshe kosa lenyewe, kwa sababu wenzake watamuuliza na yeye hawezi kurudi na maneno ya "mashine ilikosea". Nilifungua ukurasa nikamwonyesha: hii hapa elfu nne na mia tano, hii nukta, hizi senti. Nikamwonyesha jinsi programu ilivyofuta nukta na kuzibandika sifuri.

"Kwa hiyo senti mbili zimekuwa maelfu," alisema.

"Bei yote imezidishwa mara mia, mama."

Alifikiri. "Na hukuona?"

"Nilikuwa nakula chapati."

Alitikisa kichwa taratibu, akakubali. Nadhani ukweli huo ulimsaidia kuliko maelezo mengine yote. Jambo la pili alilotaka ni usipa uuzwe. Hapo Mzee ndiye aliyesimama. Alichukua bakuli la chai, akalijaza usipa, akaweka kofia, akatoka nje kwenye manyunyu bila kuaga. Ulikuwa msimu wa kuchuma kahawa, na kila mwenye shamba pale milimani alikuwa na vibarua wa kulisha. Mzee aliwajua wote kwa majina ya baba zao. Kufikia saa kumi alasiri magunia matatu yalikuwa yamekwenda, na la nne likaisha kesho yake kabla ya misa ya kwanza kutoka, kwa elfu nne na mia nane kilo, mia nane zaidi ya bei ya watu wa Songea.

Mama alifunga hela zake kwenye ncha ya kitenge. Kabla ya kupanda gari la kurudi ziwani alinishika bega. "Mwanangu," alisema akicheka, "ukikosea tena, ukosee hivi hivi, tupate mia nane juu." Kisha akaacha kucheka. "Lakini usikosee. Tungeweza kuoza nao."

Harufu ilibaki ofisini wiki mbili. Nilifanya kazi ndani yake, na ilinisaidia kuwa makini.

Nilitunga kanuni mpya, na niliipenda sana. Badala ya kufuta kila kitu, programu iangalie alama ya mwisho kwenye namba. Ikifuatwa na tarakimu mbili, hiyo alama inatenga senti. Ikifuatwa na tarakimu tatu, inatenga maelfu, ifutwe. Ni kanuni nzuri kweli. "4,500.00" ikawa elfu nne na mia tano. "4,500" ikawa hivyohivyo. Sasa niliongeza kurasa za mnada na Msumbiji. Hata ule wa Msumbiji, ambako wanaandika kwa mtindo wa Kireno, mkato kwa senti na nukta kwa maelfu, ulikubali: "85,50" ikawa themanini na tano na nusu, "1.250,00" ikawa elfu moja mia mbili hamsini. Nilijaribu mifano kumi na tano. Yote sawa. Safari hii sikutuma. Nilichapisha karatasi nikampelekea Mzee asome kwanza, kwa kuwa hilo ndilo lilikuwa sharti lake baada ya usipa.

Mzee alisoma kwa kidole. Mahindi, sawa. Mchele, sawa. Usipa, akanusa kwanza, sawa. Kidole kikafika kwenye kahawa kikasimama.

"Binti," alisema, "kwa bei hii mti mmoja wa kahawa unajenga kanisa."

Kahawa ilikuwa milioni tano kwa kilo.

Nilirudi kwenye ukurasa wa mnada. Bei ilikuwa imeandikwa "USD 3.125". Dola tatu na sehemu kidogo kwa kilo, kwa sababu watu wa kahawa huhesabu mpaka vipande vya senti. Lakini nukta ilifuatwa na tarakimu tatu, na kanuni yangu ikasema tarakimu tatu ni maelfu, ikaifuta, ikapata dola elfu tatu mia moja ishirini na tano, ikazidisha kwa thamani ya shilingi. Nilikaa chini. Nilichukua kalamu nikaandika kwenye karatasi "1.250" ya Msumbiji, ambako mara nyingine senti haziandikwi, na "3.125" ya mnada, moja juu ya nyingine. Zilikuwa na umbo moja kabisa. Tarakimu moja, nukta, tarakimu tatu. Ya kwanza ni elfu moja na zaidi, ya pili ni tatu na kidogo. Hakuna kanuni duniani ambayo ingezitofautisha kwa kuziangalia tu.

"Haiwezekani, Mzee," nilisema. "Zinafanana."

Mzee alivuta kiti. Alianza kunieleza habari za ghala, na nilijiandaa kusikia tena habari ya ubao na chaki. Lakini hakuieleza. Alisema kwamba alipokuwa karani wa ushirika alipokea karatasi za mizani kutoka kwa makarani wa vijijini, na kila mmoja alikuwa na mwandiko wake. Wa kijiji fulani aliandika moja yake kama saba. Mwingine alifundishwa na mapadre wa Kijerumani, naye aliweka mkato penye nukta. Mwingine hakuwahi kuweka alama yoyote, aliacha nafasi.

"Ulijuaje, Mzee, kama ni moja au saba?"

"Sikuangalia namba kwanza. Niliangalia karatasi imetoka wapi. Nikishajua mwandishi, namba inajisoma." Aligonga karatasi yangu kwa kidole. "Wewe unaiuliza namba. Namba haijui. Uliza ukurasa."

Alikuwa sahihi, na nilikumbuka nilivyomhurumia.

Siku mbili zilizofuata niliandika orodha. Kwa kila ukurasa: sarafu ni ipi, alama gani inatenga maelfu, alama gani inatenga senti, na bei ni ya kipimo gani, kilo, debe au gunia. Programu ilipochukua bei, ilisoma orodha kwanza, ndipo ikagusa namba. Ukurasa wa Msumbiji: futa nukta, geuza mkato uwe nukta, kwa sababu kompyuta yenyewe inaelewa nukta tu kwenye senti. Ukurasa wa mnada: futa mkato, nukta iache. Na kama bei imekuja na umbo lisilolingana na desturi ya ukurasa wake, programu isikisie. Isimame, itutupie sisi wawili.

Kulikuwa na mengi ya kututupia. Ukurasa mmoja uliandika "2,000 - 2,500", bei ya chini na ya juu, ambayo amri yangu ya kwanza ingeisoma kuwa milioni ishirini, elfu mbili na mia tano. Sasa ilipasuliwa katikati, zikawekwa namba mbili. Mwingine uliandika "15,000 kwa debe la kilo 20", na zile kilo ishirini zilitaka kujiunga kwenye bei kama mgeni asiyealikwa. Na mara moja bei ilikataa kabisa kusomeka ingawa kwa macho ilikuwa safi kama maji. Nilihangaika nayo asubuhi nzima mpaka nikagundua kwamba sifuri mbili za mwisho hazikuwa sifuri. Mtu alikuwa ameandika herufi O. Mzee alifurahi sana. Alisema hata zamani walikuwepo wa namna hiyo, na mmoja wao alipandishwa cheo.

Kitu kimoja kingine alinilazimisha. Maandishi ya asili, kama yalivyotoka kwenye ukurasa na uchafu wake wote, yabaki kwenye jedwali kando ya namba iliyosafishwa. "Usitupe karatasi ya mizani," alisema. Nilisema yatachukua nafasi. Alisema magunia ya usipa yalichukua nafasi kubwa zaidi.

Mwisho niliongeza mlinzi. Bei yoyote iliyozidi mara mbili ya bei ya jana, au iliyopungua chini ya nusu yake, ilizuiwa isitumwe mpaka mtu aithibitishe. Kwa usipa, mtu huyo alikuwa yule mama. Nilimpigia simu asubuhi, nikamsomea bei, naye ama alisema "tuma" au alicheka. Akicheka, sikutuma. Sijawahi kupata kipimo bora kuliko hicho, ingawa sikuweza kukieleza vizuri kwenye ripoti ya mradi.

Mambo yalikwenda vizuri miezi kadhaa, hadi mwera ulipovuma. Mwera ni upepo wa kusini, ukishika ziwa hauachii haraka, na mitumbwi haitoki. Ulishika zaidi ya siku tisa. Asubuhi moja programu ilizuia bei ya usipa: 9,500. Jana yake ilikuwa 4,500. Nilimpigia mama, simu haikupatikana. Nikapiga tena, nikapiga mpaka chai ikapoa. Nikajiambia mwenye ukurasa amegonga kibonye vibaya, nne na tisa si mbali sana kwa mtu mwenye vidole vinene. Nikatuma bei nyingine zote, kwenye usipa nikaandika HAKUNA BEI. Nilijiona mtu mzima kabisa.

Siku ya pili simu ikaita.

"Mwanangu."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kwa nini hakuna bei?"

Nilimweleza. Nikamwambia namba ilionekana ya ajabu, tukaizuia kwa usalama. Upande wa pili nilisikia upepo, na nilisubiri acheke. Hakucheka.

"Siku tisa hakuna mtumbwi majini," alisema. "Usipa uliobaki kijiji kizima haujai gunia. Bei ni elfu tisa na mia tano, na jana mke wa katekista ameuza kwa elfu tano, maana simu ilisema hakuna bei na mnunuzi alisema yeye ndiye bei."

Nikasema samahani.

"Ile ya kwanza ulikosea kwa kuwa hukuangalia," alisema. "Hii umekosea kwa kuangalia sana. Njoo uone ziwa."

Mzee aliposikia alisema nilikuwa nimealikwa na nisiende mikono mitupu. Nilishuka Jumamosi na kilo mbili za sukari na mche wa sabuni, kwenye gari lililobeba watu na mabati, barabara ile ya kona ambayo inakuonyesha ziwa mara saba kabla haijakufikisha. Mwera ulikuwa bado unavuma. Mitumbwi yote ilikuwa imevutwa juu ya mchanga, imelazwa kifudifudi, na wanaume walikuwa wamekaa nyuma yake wakishona nyavu bila haraka. Vichanja vya kukaushia samaki vilikuwa vitupu. Nilisimama pale dakika chache tu, na elfu tisa na mia tano ikaacha kuwa ya ajabu.

Mama alinipeleka kwenye kikao cha kikundi, kwenye ukumbi wa kanisa. Nilieleza makosa yangu yote mawili, la kwanza wakacheka, la pili wakanyamaza. Mke wa katekista alikuwa mwanamke mwembamba mwenye miwani. Aliinua mkono kama shuleni.

"Ukiwa hujui, sema hujui," alisema. "Lakini namba yenyewe tupe. Tutajua wenyewe kama ni ya wazimu."

Tulikubaliana hivyo. Kuanzia hapo, bei iliyozuiwa ilitumwa na neno moja mbele yake, HAIJATHIBITISHWA, na wenye usipa wakaamua. Mzee alilisifu neno hilo, alisema lingetumika hata kwenye mambo ya siasa, lakini akaniomba nisimnukuu.

Baada ya kikao nilikula kwa mama ugali wa muhogo na usipa wa kukaanga, kidogo, kwa sababu hata kwake ulikuwa umebaki kidogo. Alinisukumia bakuli mara mbili. Nilimwambia nimeshiba, akasema mtu aliyetoka Mbinga na gari lile hawezi kuwa ameshiba, na akaenda kuniwekea maji ya kunawa ili nianze tena.